Bomba kati ya elbo mbili likatwe urefu gani?

Tuchukue mabomba mawili ya PPR ya milimita 25 yanayopanda ukutani sambamba. Fundi anataka kuyaunganisha juu kwa kipande cha mlalo chenye elbo kila mwisho. Akikata kipande hicho sawa na umbali kati ya mabomba, kitazidi. Akipima nafasi iliyobaki kati ya midomo ya elbo na kukata hivyo hivyo, kitapungua, kwa sababu ncha zake zinapaswa kuzama ndani ya elbo.

Kipimo cha kuanzia ni umbali wa katikati hadi katikati ya mabomba ya wima. Katikati ya bomba haionekani kwa macho, lakini hakuna haja ya kuitafuta. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa bomba la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa bomba la pili. Mabomba yakiwa ya unene mmoja, umbali huo ni uleule wa katikati hadi katikati. Tuseme umetoka milimita 600.

Sasa ishike elbo yenyewe. Isimamishe juu ya ubao ulionyooka, mdomo mmoja ukiangalia chini na mwingine ukiangalia pembeni. Pima kutoka ubaoni hadi ukingo wa juu wa mdomo wa pembeni, kisha toa nusu ya upana wa nje wa mdomo huo. Kama kimo ni 47 na upana ni 34, unabaki na 30. Huo ndio urefu kutoka katikati ya elbo hadi mdomoni. Viwanda hutofautiana, kwa hiyo pima elbo utakayotumia, si ya kazi iliyopita.

Elbo mbili zinachukua 60 katika ile 600, na kati ya midomo yake inabaki 540. Lakini bomba la PPR la milimita 25 huzama milimita 16 katika kila elbo linapochomwa. Rudisha 16 mara mbili, yaani 32, upate 572. Hapo ndipo pa kukata.

Kuna njia fupi ya kufika hapo. Toa kina cha kuzama katika urefu wa elbo: 30 kutoa 16 ni 14. Hayo ndiyo makato ya elbo hiyo, na fundi anaweza kuyaandika kwenye boksi lake. Kila kipande kati ya elbo mbili za aina hiyo kitakuwa umbali wa katikati hadi katikati kutoa 28. Upande mmoja ukiwa na tii badala ya elbo, kila kiungo kitolewe makato yake.

Kabla ya kuwasha mashine, weka alama ya penseli milimita 16 kutoka kila ncha. Kati ya alama hizo lazima upate 540, ile nafasi ya kati ya midomo. Usipoipata, hesabu au mkato una kosa. Alama hizo pia zinaongoza uchomaji. Alama ikibaki mbali nje ya mdomo, bomba halikuzama vya kutosha na kiungo ni dhaifu. Ikipotelea ndani, bomba limesukumwa kupita kiasi, na plastiki iliyoyeyuka huenda imeziba sehemu ya njia ya maji.

Mabomba ya chuma yenye nyuzi yana hesabu ileile, ila kina hakiishii mahali pamoja, kwa kuwa hutegemea mkazo wa spana. Elbo ya kawaida ya nusu inchi ina milimita 28 kutoka katikati hadi mdomoni, na nyuzi huingia kama 13, hivyo makato ni 15. Kwa PVC ya gundi, usipime kina kwa kuingiza bomba kavu. Tundu la kiungo hubana kadiri linavyoingia ndani, na bomba kavu hukwama kabla ya kufika mwisho. Pima kwa rula.

Hesabu ikiwa sahihi bado kipande kinaweza kukataa kuingia. Ukishazichoma elbo zote mbili juu ya mabomba yaliyofungwa ukutani, hakuna atakayeweza kupitisha bomba la 572 katika nafasi ya 540. Kwa hiyo choma elbo kwenye kipande cha mlalo kwanza, mezani, midomo ikielekea upande mmoja. Hakikisha katikati hadi katikati ni 600, kisha shusha umbo zima juu ya mabomba ya wima, ncha zote mbili zikiwa zimepashwa moto kwa pamoja. Fundi mwenye mashine moja aweke yunioni katika kipande cha mlalo, naye atoe makato ya yunioni hiyo pia.