Betri ya Volti 12 Inayosomeka 11.2

Fundi ameunda kidhibiti cha sola kwa mikono yake. Kimewekwa kulinda betri: chaji ikishuka mno, kikate taa. Ubongo wake ni bodi ya Arduino Uno, ambayo ndani yake kuna chipu ya ATmega328P. Fundi akiweka mita kwenye vichwa vya betri anasoma volti 12 kamili. Akitazama skrini ya kidhibiti anaona 11.2, na taa zimeshakatwa. Rezista ni zilezile alizokusudia, hesabu ya programu haina kasoro, na chipu nayo ni nzima. Kosa limo ndani ya mikrosekunde 12, na kulipata kunahitaji kujua chipu hufanya nini hasa inapoambiwa ipime volti.

Maswali kumi, majibu kumi

Chipu haiwezi kusoma volti 12 moja kwa moja, kwani pini zake huvumilia 5 tu. Kwa hiyo fundi amegawa umeme wa betri kwa rezista mbili: moja ya megaomu 1 kutoka kwenye betri, na nyingine ya kiloomu 470 kwenda chini. Katikati yake, panapoingia pini, volti 12 zinakuwa 3.84. Programu inachukua namba itakayotoka na kuizidisha ili kurudi kwenye volti za betri.

Ndani ya chipu mna kigeuzi, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba. Hiki kinagawa volti 0 hadi 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi ikiwa kama volti 0.005. Kingeweza kupanda ngazi mojamoja tangu chini hadi kikutane na volti ya pini, lakini hapo kingeweza kuhitaji zaidi ya hatua elfu. Badala yake hufanya kama muuza duka mwenye mizani na mawe: anaanza na jiwe kubwa, likizidi mzigo analiondoa, lisipozidi analiacha, kisha anaongeza jiwe ambalo ni nusu ya lile la kwanza, na kuendelea hivyo mpaka jiwe dogo kabisa.

Mawe ya kigeuzi ni volti, na anayeyatoa ni kigeuzi kingine cha ndani kinachofanya kazi ya kinyume: hupewa namba, kikatoa volti inayolingana nayo. Kando yake kuna kilinganishi, ambacho kazi yake ni kujibu swali moja tu: volti ya pini imezidi hii ya ndani, au haijazidi?

Tuifuatilie ile volti 3.84. Kigeuzi cha ndani kinapewa namba 512, ambayo ni volti 2.5. Pini imezidi, kwa hiyo 512 inabaki. Inaongezwa 256, jumla 768, sawa na volti 3.75. Pini bado imezidi, 256 inabaki. Inaongezwa 128, jumla 896, sawa na volti 4.375. Sasa ya ndani ndiyo kubwa, hivyo 128 inaondolewa. Vivyo hivyo 64 inaondolewa, kwa sababu ingefikisha 4.06, na 32 nayo, kwa sababu ingefikisha 3.91. Inakuja 16, jumla 784, volti 3.828: inabaki. Inajaribiwa 8, inaondolewa, 4, inaondolewa, 2, inabaki, 1, inaondolewa. Zilizobaki ni 512, 256, 16 na 2, jumla 786. Ukizirudisha kuwa volti unapata 3.838, pungufu ya ile halisi kwa chini ya nusu ya ngazi.

Maswali kumi yametosha kuchagua ngazi moja kati ya 1,024. Kigeuzi chenye ngazi 4,096 kingehitaji mawili tu zaidi. Ndiyo maana njia hii, ambayo Bernard Gordon na kampuni ya Epsco waliiuza mwaka 1954 katika mashine ya Datrac iliyojaa valvu za redio, leo imo ndani ya vichipu vidogo vya bei nafuu.

Jibu lisilofutika

Utafutaji huu una sharti moja kali: uamuzi ukishapita haurudiwi. Kigeuzi kikiliacha jiwe la 256, hakitaligusa tena hadi mwisho, hata mambo yakibadilika.

Chukulia kwamba mara tu baada ya swali la pili, volti ya pini imeshuka kutoka 3.84 hadi 3.70. Mawe ya 512 na 256 yameshakubaliwa, na hayo peke yake ni 3.75, tayari yamezidi. Kila jiwe litakaloongezwa litakataliwa. Kigeuzi kitamaliza na 768, namba ambayo si ya volti ya mwanzo wala ya mwisho. Volti ikipanda badala ya kushuka, jambo la kinyume hutokea: mawe madogo yote yanakubaliwa, na namba inakwama chini kidogo ya jiwe kubwa lililokataliwa, kwa mfano 895. Mtu anayeona vipimo vinarundikana kwenye 511, 512, 767 au 768 ana sababu ya kushuku kwamba volti ilikuwa inatembea wakati maswali yanaulizwa.

Katika Arduino Uno, usomaji mmoja huchukua mikrosekunde 104. Ni muda mfupi, lakini si mfupi vya kutosha. Ukipiga hesabu ya wimbi linalopanda na kushuka kati ya volti 0 na 5, utaona kwamba ili lisisogee zaidi ya ngazi moja katika muda huo, haliruhusiwi kupita mizunguko 3 kwa sekunde. Umeme wa ukutani una mizunguko 50. Kigeuzi kinachotazama pini moja kwa moja kisingeweza kuufuata.

Kapasita inayonasa

Kinachookoa hali ni kapasita ndogo mno iliyo ndani ya chipu, mbele ya kilinganishi. Kabla ya swali la kwanza, swichi ya ndani huiunganisha na pini, nayo inajaa chaji mpaka volti yake ilingane na ya nje. Kisha swichi inafunguka na kapasita inabaki peke yake. Maswali yote kumi huulizwa kwayo. Pini haiulizwi tena. Nje volti inaweza kupanda na kushuka itakavyo, ndani imeshanaswa.

Katika ATmega328P kapasita hii ni ya pikofaradi 14. Bodi ya Uno ikitumia mwendo wake wa kawaida, kapasita hupewa takriban mikrosekunde 12 za kujaa, na muda uliobaki katika zile 104 ni wa maswali. Hapa ndipo fundi wetu alipokwama.

Kapasita haijai papo hapo. Chaji yake inapita kwenye rezista za nje, na kadiri rezista zilivyo kubwa ndivyo inavyochelewa. Rezista za megaomu 1 na kiloomu 470, zikitazamwa kutoka kwenye pini, ni sawa na rezista moja ya kiloomu 320. Zidisha kiloomu 320 kwa pikofaradi 14, unapata mikrosekunde 4.5. Huo ndio muda ambao kapasita huhitaji kufunika asilimia 63 ya safari yake. Kila mikrosekunde 4.5 nyingine hufunika asilimia 63 ya kilichosalia. Ili kosa liwe chini ya nusu ya ngazi, inahitaji karibu mara nane ya muda huo, yaani mikrosekunde 34. Imepewa 12.

Baada ya mikrosekunde 12, kapasita imebakiza karibu asilimia 7 ya safari. Sasa, kabla ya betri, programu ya fundi husoma pini nyingine yenye kihisio cha mwanga, ambacho usiku hutoa volti 0. Kapasita ni hiyohiyo moja kwa pini zote, kwa hiyo inaanza safari ikiwa tupu. Hiyo karibu asilimia 7 ya 3.84 ni kama volti 0.26. Inanaswa ikiwa na volti 3.58. Maswali kumi yanaulizwa kwa usahihi kabisa, na jibu sahihi la 3.58 likizidishwa kurudi kwenye betri ni volti 11.2.

Namna ya kulithibitisha

Dalili ya kosa hili ni kwamba kipimo cha pini moja kinafuata hali ya jirani yake. Jaribio lake ni rahisi. Unganisha pini ya jirani na volti 0, soma betri. Kisha iunganishe na volti 5, soma tena. Katika mfano wetu, mara ya kwanza itasomeka 11.2. Mara ya pili kapasita itaanza ikiwa juu na kushuka bila kufika, na betri ileile itasomeka karibu 12.25. Betri haibadiliki kwa sababu ya waya wa jirani. Kipimo kikihama hivyo, tatizo ni muda wa kujaa.

Dawa ya kwanza ni kupunguza rezista. Watengenezaji wa chipu hii wanashauri chanzo kisizidi kama kiloomu 10. Rezista za kiloomu 22 na 10 zinatoa chanzo cha kiloomu 6.9, na kapasita inajaa kabisa kabla hata mikrosekunde moja haijaisha. Gharama yake ni mkondo wa mikroampea 375 unaovuja wakati wote. Kwa betri ya sola ya ampea-saa 7, hizo ni chini ya elfu mbili za chaji yake kwa siku. Megaomu hazikuwa na faida yoyote.

Dawa ya pili ni ya programu: kusoma pini ileile mara tatu na kuchukua jibu la mwisho.

```
analogRead(A1);
analogRead(A1);
int namba = analogRead(A1);
```

Kila usomaji unaanzia pale uliotangulia ulipoishia. Kosa la volti 0.26 linakuwa 0.018, kisha 0.001, ambayo ni chini ya ngazi moja.

Dawa ya tatu ni kwa kifaa kinachoishi kwa betri ndogo na ambacho kweli kinahitaji rezista kubwa: kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na volti 0. Hii ni kubwa mara elfu saba kuliko ile ya ndani, hivyo inaijaza mara moja na yenyewe ikashuka kwa nusu elfu ya volti tu. Ila nayo inajazwa kupitia kiloomu zilezile 320, na kurudi kwake huchukua sehemu ya sekunde. Ukisoma betri mara moja kwa sekunde, hutaona kosa. Ukibadilisha pini huku na huku na kusoma maelfu ya mara kwa sekunde, chaji inayochotwa kidogokidogo haitarudishwa kwa wakati, na kipimo kitaanza kushuka upya. Kwa kidhibiti cha taa, ambacho betri yake huchukua saa nyingi kubadilika, mara moja kwa sekunde inatosha na kuzidi.