Kwa Nini Sweta Huota Vinundu

Sweta la shule la binti yangu lilinunuliwa mwezi Januari. Hapa Njombe baridi haina mchezo, kwa hiyo hulivaa kutwa nzima, siku tano kwa juma. Ilipofika Machi halikuwa limetoboka popote wala kufumuka mshono, lakini ukilitazama ungedhani limerithiwa na watoto watatu. Chini ya makwapa, viwikoni na mgongoni pale begi linapokaa, lilikuwa limeota vinundu vidogo vigumu, kana kwamba mtu amelinyunyizia ulezi. Kifuani, karibu na nembo ya shule, hapakuwa na kinundu hata kimoja.

Nyumbani tulianza kwa kulaumu sabuni. Lakini sabuni hufika sweta zima, kifuani na kwapani sawasawa, na vinundu havikuwa kila mahali. Vilikuwa pale tu ambapo nguo husuguana na kitu: mkono na ubavu, kiwiko na dawati, mgongo na begi.

Chukua sindano, uinue kinundu kimoja taratibu bila kukichomoa. Utaona kuwa ni kidonge cha nywele nyembamba zilizojiviringisha, na kwamba kimening'inia kwa nywele chache tu zinazoingia ndani ya kitambaa. Nywele hizo ndizo habari yenyewe. Uzi tunaouona kwa macho si kitu kimoja. Ni fungu la nywele nyingi fupi, za pamba, za sufu au za kiwandani, zilizowekwa sambamba na kusokotwa ili zishikane. Unywele wa pamba ya kawaida una urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi. Kila unywele una ncha mbili, na baadhi ya ncha hizo lazima zitokeze nje ya uzi.

Nguo inaposuguliwa, ncha zilizotokeza huvutwa, na unywele hutoka kidogo kidogo kama mtu anayechomoa ukindu kwenye mkeka. Uso wa kitambaa unaanza kuwa na manyoya. Msuguano ukiendelea, manyoya hayo hulala, hukunjana na kushikana, mpaka yanakuwa kidonge. Kidonge nacho huokota kila kinachopita: vumbi, nywele za taulo jeupe lililofuliwa kwenye beseni moja, nywele za blanketi. Ndiyo maana kwenye sweta la bluu iliyokoza vinundu vingi huonekana vyeupe au vya kijivu. Vimebeba vitu ambavyo havikutoka kwenye sweta.

Mpaka hapo nguo zote zinafanana. Pamba huota manyoya, sufu huota manyoya, na sweta la akriliki vilevile. Tofauti inakuja mwishoni, kwenye swali la kinundu kitakaa muda gani. Kikining'inia kwenye nywele dhaifu, nywele hizo hukunjwa huku na huku kila mtoto anapotembea, zinachoka, zinakatika, na kinundu kinadondoka bila mtu kujua. Sufu iko hivyo. Sweta la sufu huota vinundu vingi majuma ya kwanza, kisha vinapungua, kwa sababu vinavyodondoka vinaondoka na zile nywele zilizokuwa legelege. Poliesta na nailoni hazikatiki kwa urahisi hivyo. Zinakunjwa maelfu ya mara na bado zinashika. Kinundu kinabaki, kingine kinaota kando yake, na baada ya muhula mmoja sehemu nzima imejaa. Akriliki, ambayo ndiyo imejaa kwenye masweta ya shule kwa sababu ni ya bei nafuu, nyepesi na yenye joto, iko katikati: inazidi sufu kwa nguvu, lakini haifikii poliesta.

Kwa hiyo kinachoharibu sura ya nguo hapa ni uimara wa unywele wenyewe. Hili huwashangaza watu, nami lilinishangaza, maana dukani tunauziwa uimara kama sifa.

Watengenezaji waligundua jambo hili mapema. Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, Whinfield na Dickson, na baadaye kampuni ya ICI ikaiingiza sokoni kwa jina ambalo wazee wetu walilijua kama terilini. Vinundu vya sufu vilijulikana tangu zamani, lakini vilikuwa vinadondoka. Vya nywele mpya za kiwandani havikudondoka, na malalamiko yakaongezeka. Moja ya njia za kupima nguo mpaka leo ina jina la kampuni hiyo. Vipande vya kitambaa huvalishwa kwenye vibomba vya mpira, vikatiwa ndani ya kisanduku chenye kuta za kizibo, na kisanduku kikazungushwa mara 60 kwa dakika kwa saa kadhaa. Kisha mtu hukaa chini ya taa na kutoa alama kwa macho: 5 ni kitambaa kilicho kama kipya, 1 ni kilichojaa vinundu.

Dawa moja waliyoipata viwandani ni kuufanya unywele uwe dhaifu kwa makusudi. Iko poliesta ya aina hiyo, na akriliki pia, inayotengenezwa ili ikichoka kukunjwa ikatike na kinundu kidondoke. Nguo inapoteza sehemu ya nguvu yake, na inabaki na sura nzuri kwa muda mrefu zaidi. Mimi naona ni biashara ya haki, mradi mnunuzi aambiwe.

Sasa tuje kwenye mchanganyiko, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mtu hufikiri kwamba pamba ikichanganywa na poliesta, atapata ulaini wa moja na uimara wa nyingine. Kwa vinundu anapata ubaya wa zote mbili. Pamba hutoa manyoya kwa wingi, na poliesta hutoa kamba za kuyafunga yasidondoke. Fulana ya kola yenye mchanganyiko huo mara nyingi huota vinundu vinavyokaa kuliko fulana ya pamba tupu, na hata kuliko ya poliesta tupu iliyosokotwa vizuri. Sufu ikichanganywa na nailoni ina tabia hiyohiyo. Ni nzuri kwa soksi, kwa sababu kisigino hakitoboki upesi, lakini vinundu vyake ni vya kudumu.

Hata hivyo, fungua kabati la mtoto huyohuyo utoe shati lake la shule la tetroni. Nalo ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, na mara nyingi poliesta ndiyo iliyozidi. Shati hilo hufuliwa na kusuguliwa kola kwa brashi kila jioni, na bado halina vinundu vya kutajika. Ukisoma lebo peke yake huwezi kueleza kwa nini. Lazima utazame jinsi kitambaa kilivyoundwa.

Shati limefumwa kwa mtande na mshindio: nyuzi zinapishana juu na chini, zimebanana, na kila unywele unabanwa tena na tena katika safari yake fupi. Kuuchomoa ni kazi. Fulana na sweta hufumwa kwa vitanzi, na kitanzi kina nafasi ya kucheza. Kinavutika, kinarudi, na sehemu kubwa ya uzi wake iko wazi juu ya uso wa nguo. Nyuzi za sweta pia husokotwa kwa ulegevu ili liwe laini na litunze joto. Ulaini ule unaokuvutia unapoligusa ni nywele ambazo hazijafungwa.

Ndiyo maana msokoto una uzito mkubwa kuliko lebo. Uzi uliosokotwa kwa kukaza hushika nywele zake. Nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kuwa uzi mmoja hushika zaidi, kwa sababu kila moja inafunika ncha za mwenzake. Urefu wa unywele nao una hesabu rahisi: ukiukata unywele katikati umepata ncha nne badala ya mbili. Pamba yenye nywele ndefu, au ile ambayo kiwandani imechanwa ili nywele fupi zitolewe, ina ncha chache za kuanzisha vurugu. Jezi ya mpira imefika mwisho wa njia hiyo. Mara nyingi uzi wake wa poliesta hutolewa kiwandani mrefu mfululizo bila kukatwakatwa, hivyo karibu hauna ncha. Jezi hiyo hukwama kwenye msumari na kuvutika uzi, lakini vinundu ni nadra.

Nikirudi sokoni leo nafanya hivi. Nalinyoosha sweta mbele ya mwanga, na kama vitanzi vimeachana sana hata kabla ya kuvaliwa, nalirudisha. Natafuta mwisho wa uzi ndani ya mshono, naufungua msokoto kwa vidole nione kama ni uzi mmoja au miwili iliyosokotwa pamoja, na kama unafumuka kwa kuguswa tu. Halafu nasugua ubavu wa sweta kwa ubavu wake mwenyewe, nguo kwa nguo, kwa dakika moja nzima. Manyoya yakisimama hapohapo, vinundu viko njiani. Kipimo hiki si cha maabara, na muuzaji hapendi kukiona, lakini hunionyesha sweta baya kabla sijalilipia. Lililo zuri kabisa huwezi kulithibitisha kwa dakika moja. Kwenye mitumba kazi ni nyepesi kidogo: nguo iliyokwisha kuvaliwa na kufuliwa na mtu mwingine ikabaki safi kwapani imeshapita mtihani, isipokuwa kama imenyolewa. Itazame kwa upande dhidi ya mwanga. Iliyonyolewa kwa wembe huwa na visiki vifupi vifupi.

Ukiwa na fundi wa kufuma sweta kwa mashine, agiza vitanzi vya kukaza na uzi wa nyuzi mbili. Sweta litakuwa zito kidogo na bei itapanda, kwa sababu uzi mwingi zaidi umetumika.

Lile la binti yangu bado analivaa. Tunalifua likiwa limegeuzwa nje ndani, bila kulisugua kwa brashi, mbali na mataulo. Vinundu sivichomoi kwa vidole tena, maana kila ukivuta kimoja unatoa nywele mpya za kutengeneza kingine. Nalitandaza mezani, nalinyoosha kwa kiganja na kuvikata kwa mkasi mdogo, kimoja kimoja. Lingekuwa la sufu, kazi hiyo ingepungua kila mwezi. Hili ni la akriliki, na baada ya majuma matatu vinarudi palepale viwikoni, ambako kitambaa kimeanza kuwa chembamba kuliko kifuani.