Usiende kupimwa tumbo peke yako

Mara ya kwanza nilifukuzwa mlangoni. Nilikuwa nimetoka Kitengela alfajiri, tumbo tupu, nikapanda matatu hadi Kajiado kupigwa kamera ya tumbo. Nesi akaniuliza, "Umekuja na nani?" Nikasema niko peke yangu. Akafunga faili. Siku ikapotea hivyo.

Hakuwa na roho mbaya. Ukidungwa dawa ya kusinzia kwenye mshipa, kamera ikishuka kooni hutajali sana, na yenyewe huchukua kama dakika 10 au 20. Shida ni baadaye. Utaamka, utaongea vizuri, utajiona uko sawa, kumbe kumbukumbu bado imezimika. Daktari anaweza kukueleza matokeo ukaitikia kwa kichwa, halafu ukifika Isinya hukumbuki neno. Kwa saa 24 hufai kuendesha gari wala pikipiki, kutia sahihi mkataba, au hata kutuma hela kubwa kwa M-Pesa.

Sasa, utamwambiaje rafiki? Mimi nilikuwa nimemwandikia mmoja, "Utanisindikiza hosi siku moja?" Akajibu, "Tutaona." Ungejibu nini wewe? Hakujua siku, saa wala kazi yake. Mara ya pili nikamwandikia hivi:

"Niaje. Alhamisi napimwa tumbo Kajiado. Nitadungwa dawa ya usingizi, hawataniachilia bila mtu. Tutoke saa kumi na mbili asubuhi, turudi kama saa nane. Nauli na lunchi ni juu yangu. Utashika simu yangu, utamsikiliza daktari, utanifikisha hadi kwa mlango. Kama huwezi niambie leo nitafute mwingine, hakuna noma."

Alijibu kwa dakika mbili: "Niko."

Kabla ya kuingia, kubalianeni kitu kimoja: akae ndani daktari akiongea, au asubiri nje? Hayo ni mambo ya mwili wako, chaguo ni lako. Wangu aliingia, akaandika kwenye simu: dawa gani, mara ngapi, kurudi lini. Mimi nilikumbuka tu rangi ya pazia.

Mwambie pia asikununulie chai mapema. Koo likiwa bado limekufa ganzi unaweza kupaliwa. Na usiku huo akupigie. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, homa, au maumivu makali ya tumbo au kifua, mnarudi hospitali, hakuna kungoja asubuhi.

Na ukikosa mtu kabisa? Piga simu hospitali mapema, uliza kama wanaweza kukufanyia kwa dawa ya kupuliza kooni pekee. Si raha, utahisi kutapika, lakini akili inabaki yako na unaweza kupanda matatu mwenyewe. Ila usimdanganye nesi kwamba rafiki yako yuko stegi anakuja. Hiyo nilijaribu. Alisema atangoja amwone.