Matiti ya Mwanamume na Ini Lenye Makovu

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 52 aliyekunywa gongo karibu kila siku kwa miaka 20. Amefika kliniki kwa sababu ya tumbo kujaa maji, lakini shati hataki kulivua. Akisha kulivua, daktari anaona matiti yamevimba pande zote mbili, na chini ya chuchu anapapasa nyama inayonepa kama mpira. Korodani zimesinyaa. Akiulizwa kwa faragha, anakiri kwamba uume hausimami barabara tangu mwaka jana.

Yeye anadhani amerogwa. Kumbe pombe imemdhuru kwa njia mbili. Kwanza, hudhoofisha chembe za korodani zitengenezazo testosteroni, hata kabla ini halijaharibika. Pili, ini likishajaa makovu, yaani sirosisi, testosteroni huzidi kupungua, na homoni za kiume hugeuzwa kwa wingi kuwa estrojeni. Estrojeni hiyo ndiyo ikuzayo matiti.

Hapa sisi wahudumu nasi tujichunguze. Spironolaktoni, dawa tunayompa mgonjwa ili maji ya tumboni yapungue, huzuia kazi ya testosteroni na yaweza kukuza matiti na kuyatia maumivu. Mgonjwa asiiache mwenyewe; amweleze daktari, ambaye aweza kumbadilishia na kumpa amiloridi. Uvimbe mgumu wa titi moja ni jambo jingine: uchunguzwe kama ni saratani.

Akiacha pombe mapema, nguvu za kiume huweza kurejea kwa kiasi. Korodani zilizokwisha kusinyaa kwa sirosisi iliyokomaa hurejea kwa nadra.