Picha za Mkoba kwa Mkaguzi Aliye Mbali

Anayekagua mkoba kwa picha hawezi kuunusa, kuupima uzito wala kuupapasa. Kwa hiyo picha iliyorembwa humnyima kile anachokitafuta. Tuchukue mfano wa Speedy ya Louis Vuitton, ambayo huigwa sana na hupita mikononi mwa wauzaji wengi wa mitumba.

Uweke mkoba karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, uzime fleshi na vichujio vya rangi. Anza na picha za mkoba mzima, ili mkaguzi ajue kila picha ya karibu imetoka wapi.

Kisha nenda kwenye mishono. Vipande vya ngozi vinavyoshika mikono ya Speedy kwa kawaida huwa na mishono mitano kwenye ukingo wa juu. Mkaguzi huihesabu, halafu hulinganisha urefu na nafasi zake kutoka kipande kimoja hadi kingine, hivyo mpigie vyote vinne. Simu iwe sambamba na ngozi, maana ukiiinamisha, mishono ya upande wa mbali hufupika na kazi safi huonekana imeshonwa ovyo. Wala usiisogeze mno: kwa karibu sana, simu hutoa picha yenye ukungu, au huhamia yenyewe kwenye lenzi pana inayopinda kingo. Ni heri ukae umbali wa sentimita 20 na kukuza mara mbili.

Chuma kinachong'aa huakisi uso wako na simu yako. Shika karatasi nyeupe pembeni, kiakisi hiyo. Piga kishikio cha zipu mbele na nyuma, na kufuli upande wenye maandishi.

Ndani ndiko picha nyingi zinakoharibikia. Maandishi yamekandamizwa kwenye ngozi, hivyo mwanga wa kutoka juu huyafuta. Ulaze mkoba ili mwanga wa dirisha upite kwa ubavu, na kila herufi itapata kivuli chake. Mkaguzi huangalia kama O ni duara kamili, na kama T mbili za VUITTON zimekaribiana.

Tafuta pia kipande cha ngozi chenye msimbo. Tuseme kinasomeka SD4182. Kwa mikoba ya kuanzia 2007, tarakimu ya kwanza na ya tatu hutaja wiki, ya pili na ya nne mwaka: wiki ya 48, mwaka 2012. SD ni kiwanda cha Marekani, basi mhuri unaosema "made in France" ungegongana nao. Lakini waigaji nao hunakili misimbo sahihi, kwa hiyo msimbo unaokubaliana hauthibitishi kitu peke yake. Na mikoba ya kuanzia Machi 2021 hutumia kichipu badala ya msimbo, hivyo kuukosa humo si dosari.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na uzi ndio hupotea kwanza.