Uchunguzi wa Mwili kutoka Kichwani hadi Miguuni: Mwongozo wa Kufundishia Wanafunzi wa Uuguzi wa Mwaka wa Kwanza katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ya kumfundisha mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza kuuchunguza mwili wa mgonjwa kutoka kichwani hadi miguuni. Mazingira yanayorejelewa ni ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mwanafunzi hufundishwa darasani kwa Kiingereza, humhoji mgonjwa kwa Kiswahili, na mara nyingi husikia mgonjwa na ndugu zake wakijadiliana kwa Kihangaza au Kishubi. Swali linaloongoza makala ni hili: mwanafunzi atatambuaje kwamba alichokiona ni dalili ya ugonjwa, ikiwa amekiona kwa watoto wengi kiasi cha kukizoea? Kiungo kilichochaguliwa kulijibu swali hilo ni wengu, ambao wengine huuita bandama, kwa sababu ndicho kiungo ambacho kasoro ya mfuatano hukificha kwa urahisi zaidi.

Neno "kawaida" na hatari yake

Katika fomu za mazoezi, mwanafunzi hutakiwa kuandika kama kila sehemu ya mwili ni ya kawaida au si ya kawaida. Neno hilo lina maana mbili katika Kiswahili. Huweza kumaanisha hali ya mwili wenye afya, na huweza kumaanisha jambo linalotokea mara kwa mara. Mahali ambapo malaria ni nyingi, maana hizi mbili hutengana. Wengu uliovimba huonekana mara kwa mara kwa watoto wa vijijini, lakini hakuna mtoto mwenye afya ambaye wengu wake unapaswa kushikika kirahisi chini ya mbavu baada ya miezi ya mwanzo ya uchanga. Vivyo hivyo, kiganja kilichopauka hakigeuki kuwa chenye afya kwa sababu tu watoto wa jirani nao wana viganja vya namna hiyo.

Ukweli huu uliwahi kutumika hata kupima maeneo. Mkutano wa malaria uliofanyika Kampala mwaka 1950 uliyagawa maeneo kwa kutazama sehemu ya watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye wengu mkubwa. Pale ambapo zaidi ya nusu ya watoto walikutwa hivyo daima, eneo lilihesabiwa kuwa na malaria ya kiwango cha juu. Yaani wingi wa wengu uliovimba ulichukuliwa kuwa kipimo cha ukubwa wa ugonjwa, haukuchukuliwa kuwa tabia ya miili ya watu wa mahali hapo. Kwa hiyo mwongozo huu unapendekeza mwanafunzi aache kabisa kuandika "kawaida" katika fomu, na badala yake aandike alichokiona, alichokisikia na alichokigusa.

Mfuatano na mahali unapobadilika

Mfuatano wa kichwa hadi miguu una faida moja kubwa kwa anayeanza: hausahaulishi sehemu. Mwanafunzi huanza na hali ya jumla, kisha kichwa, macho, masikio, pua na kinywa, halafu shingo, kifua, tumbo, mikono, miguu na ngozi ya mgongoni. Katika kila sehemu hutumia njia nne kwa utaratibu wa kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Hata hivyo, utaratibu huu haupaswi kufundishwa kama wimbo wa kukariri, kwa kuwa upo mahali ambapo kuufuata bila kufikiri huharibu uchunguzi wenyewe.

Mahali pa kwanza ni kabla ya kumgusa mgonjwa. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa mkoani Kagera, na wilaya ya Biharamulo ndiyo iliyohusika. Mwisho wa mlipuko huo ulitangazwa tarehe 13 Machi 2025. Mlipuko wa kwanza nchini ulikuwa umetokea mkoani humohumo mwaka 2023. Kwa hiyo hatua ya kutazama huanzia mlangoni, mwanafunzi akiwa amesimama mbali kidogo, na huambatana na maswali machache. Je, kuna homa? Kuna kutapika, kuhara au kutokwa damu? Je, mgonjwa alimhudumia mtu aliyefariki kwa ugonjwa usiojulikana, au alishiriki kuosha maiti? Jibu la kutia shaka humsimamisha mwanafunzi hapohapo. Humwita msimamizi, na mikono yake haimgusi mgonjwa mpaka vifaa vya kujikinga vipatikane. Homa ya malaria na homa ya Marburg katika siku za mwanzo hazitofautishwi kwa macho, na ndiyo maana maswali hutangulia.

Mahali pa pili ni tumbo. Hapa mwanafunzi hutazama, kisha husikiliza, ndipo hugonga na mwisho hupapasa. Sababu ni kwamba kubonyeza tumbo huweza kubadili sauti za matumbo na kuamsha maumivu, na mgonjwa aliyeumia hukaza misuli, hivyo viungo vya ndani havishikiki tena. Aidha, mwanafunzi asiseme kwamba tumbo halina sauti kabla ya kusikiliza kwa dakika kadhaa, hadi dakika 5.

Mahali pa tatu ni kwa mtoto mdogo. Masikio na koo, ambavyo viko kichwani na kwa hiyo vingetangulia, huachwa mwisho, kwa kuwa mtoto akianza kulia kasi ya upumuaji haihesabiki kwa usahihi na tumbo halilegei. Mtoto akiwa ametulia kwenye paja la mama, kwanza huhesabiwa pumzi na kusikilizwa kifua.

Kuutafuta wengu

Kosa linaloonekana mara nyingi katika vyumba vya mazoezi ni mwanafunzi kuweka vidole moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto. Kama wengu ni mkubwa sana, vidole hutua juu yake bila kuukuta ukingo wake, na mwanafunzi hudhani anagusa misuli ya tumbo. Wengu unapovimba hushuka kwa mshazari kuelekea upande wa kulia wa kinena. Basi mkono uanzie huko chini kulia, upande taratibu kuelekea mbavu za kushoto, na katika kila hatua usubiri mgonjwa avute pumzi. Pumzi ndiyo inayousukuma wengu uje kwenye vidole. Magoti ya mgonjwa yakunjwe ili tumbo lilegee, na kiganja kilale bapa. Wengu uliovimba ni laini kupasuka, kwa hiyo vidole havichokonoi.

Uvimbe ni wa wengu ikiwa unasogea na pumzi, ikiwa vidole haviwezi kupenya kati yake na mbavu, ikiwa ukigongwa hutoa sauti butu, na pengine ikiwa ukingo wake una pengo dogo linalohisika. Ukubwa wake huelezwa kwa madaraja ya Hackett, kuanzia 0 hadi 5. Daraja 0 ni wengu usioshikika hata kwa pumzi ndefu. Daraja 1 hushikika kwa pumzi ndefu tu. Daraja 2 haupiti nusu ya njia kati ya mbavu na kitovu, daraja 3 hupita nusu hiyo bila kuvuka kitovu, daraja 4 huvuka kitovu lakini haupiti nusu ya njia kutoka kitovuni hadi mfupa wa kinena, na daraja 5 hupita hapo. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza inatosha pia kupima kwa sentimita kutoka ukingo wa mbavu, mradi aandike alianzia wapi kupima.

Mfano wa darasani

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mtoto wa miaka 3 ameletwa na mama yake. Mwanafunzi anasema, "Shikamoo mama. Pole na safari. Mtoto anaumwa nini?" Mama anaeleza kuwa ana homa siku ya nne, hali chakula, na tangu jana amelegea. Hakuna kutokwa damu, hakuna msiba wala mgonjwa mwingine nyumbani.

Kutoka mlangoni, mwanafunzi ameona mtoto amelaza kichwa begani kwa mama na hamfuatilii mgeni kwa macho. Tundu za pua zinapanuka. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, anapata 52. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Wanafunzi wengi huishia hapa na kuandika nimonia. Hili ndilo jambo ambalo uchunguzi wa mwili mzima unalenga kulizuia.

Kifua kikisikilizwa, hewa inaingia sawasawa pande zote na hakuna mikoromo. Kikohozi hakipo. Pumzi ni nyingi tena nzito, lakini mapafu hayatoi sababu. Mapigo ya moyo ni 156 kwa dakika. Utando wa ndani wa kope la chini umepauka, na sehemu nyeupe ya jicho ina umanjano hafifu. Katika ngozi nyeusi weupe wa damu pungufu hauonekani usoni, kwa hiyo kiganja hutazamwa. Kiganja cha mtoto kinakaribia kuwa cheupe. Mwanafunzi anakilinganisha na cha mama, anaona tofauti ndogo, na anataka kuandika kwamba mtoto hajapauka sana. Msimamizi anamwambia akilinganishe na kiganja chake mwenyewe. Hapo tofauti inakuwa dhahiri, kumbe mama naye amepauka.

Tumboni, ini linashikika sentimita 3 chini ya mbavu za kulia, na mtoto anakunja uso linapoguswa. Wengu ni daraja 3. Kucha ikibonyezwa kwa sekunde 5 na kuachiwa, rangi inarudi baada ya sekunde 4, ilhali inatakiwa irudi ndani ya sekunde 3. Ni kweli kwamba kwa mtoto aliyepauka kipimo hiki ni kigumu kukisoma, hivyo hakitegemewi peke yake.

Sasa vipande vinaungana. Upungufu mkubwa wa damu umeufanya mwili ukose oksijeni ya kutosha na tindikali iongezeke, ndiyo maana anapumua kwa nguvu huku mapafu yakiwa safi. Moyo unakwenda mbio kufidia, na ini lililovimba linatia shaka kwamba moyo umeanza kuelemewa. Mwanafunzi hasubiri kumaliza masikio na koo. Anamwita msimamizi mara moja. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonesha malaria, na himoglobini ni gramu 4.1 kwa desilita. Mtoto mwenye kiwango hicho pamoja na shida ya kupumua huhitaji kuongezewa damu na kuanzishiwa sindano ya atesuneti bila kuchelewa, na maji mengi ya mshipani hapa huweza kumdhuru kwa kuulemea moyo zaidi.

Kama mwanafunzi angeandika nimonia, mtoto angepewa dawa ya antibayotiki na kulazwa akisubiri, na katika hali kama hiyo saa chache ni nyingi. Katika fomu anaandika: "Pumzi 52, nzito, kifua safi. Viganja na kope vimepauka sana. Ini sm 3, linauma. Wengu daraja 3." Chini yake, kwa mstari wa pekee, anaandika kwamba viganja vya mama vimepauka na kwamba himoglobini yake ipimwe leo.