Njia ya Pili Isiyopita kwenye Njia ya Kwanza

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, muda mfupi kabla ya saa moja kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote. Siku iliyofuata kampuni yenyewe ilieleza chanzo. Katika kazi ya kawaida ya matengenezo ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao unaounganisha vituo vyao vya data, na amri hiyo ikakata viunganisho vyote kwa mpigo. Programu iliyopaswa kukagua amri za namna hiyo na kuzizuia ilikuwa na kasoro, ikaiachia ipite.

Kilichofuata ndicho kinachomhusu kila anayetunza mitambo kutoka mbali. Mafundi walikuwa na njia yao ya kawaida ya kuingia, na pembeni walikuwa na njia ya akiba. Siku hiyo zote mbili zilikuwa hazifanyi kazi, na vifaa vingi vya ndani walivyovitegemea kutafuta chanzo navyo vilikuwa vimelala. Ikabidi watu waende vituoni wenyewe, wapite ulinzi uliojengwa makusudi kuwa mgumu, kisha waguse mitambo kwa mikono. Huduma zilikaa chini kwa takriban saa sita.

Miezi tisa baadaye, tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya simu ya Rogers huko Kanada ilipatwa na mkasa wa aina hiyo hiyo. Zaidi ya wateja milioni 12 walikosa huduma. Mtandao wa kusimamia mitambo ulitegemea mtandao mkuu ule ule uliokuwa umeanguka, na mafundi wengi walitumia laini za kampuni yao, kwa hiyo mwanzoni hata kupigiana simu kulikuwa shida.

Hawa ni watu wenye fedha na utaalamu, na hawakukosa njia ya pili. Ilichokosa njia hiyo ni kujitegemea. Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu una njia ngapi. Anza kwa kuuliza kila njia inasimama juu ya nini.

Tuchukue kituo cha afya cha mfano mjini Njombe. Kina ruta moja, seva moja yenye kumbukumbu za wagonjwa, na intaneti ya mkongo. Fundi wake anakaa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Kila siku anaingia kwa VPN iliyowekwa ndani ya ruta yenyewe. Akiorodhesha kwenye karatasi vitu vyote ambavyo lazima viwe hai ili aingie, atapata mkongo, umeme wa kituo, ruta, mipangilio ya ruta, jina la intaneti analolitumia kuipata ruta, funguo za siri zilizo kwenye kompyuta yake, na simu inayopokea namba ya uthibitisho. Kimoja kikifa, yuko nje. Njia ya pili inafaa kadiri inavyokwepa vitu vya orodha hiyo, na ile ambayo haikwepi hata kimoja ni mapambo tu.

Cha kwanza kukwepa ni mkongo. Fundi wetu anaweka kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, aina ya Raspberry Pi, yenye modemu ya 4G na laini ya mtandao mwingine wa simu. Majina mawili ya kampuni tofauti, hata hivyo, hayathibitishi kwamba njia ni mbili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania pamoja na majirani zake wakaishi na intaneti ya kusuasua, bila kujali walinunua kwa nani. Hata ndani ya nchi, mnara wa simu unaweza kuwa unategemea waya uliopita kwenye mtaro ule ule wa barabarani na mkongo wako. Hili linapimika kwa urahisi: siku mkongo utakapokatika, mwombe mtu wa kituoni ajaribu data ya laini ile kwenye simu yake. Ikiwa nayo imekufa, tafuta laini nyingine.

Cha pili ni umeme. Kompyuta hii ndogo na modemu yake hutumia pamoja kama wati 7. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240; ukiiachia nafasi isimalizike kabisa, unabaki na kama 200, yaani zaidi ya siku nzima ya kazi. Isichomekwe kwenye betri inayolisha ruta. Umeme ukikatika usiku kucha, ruta itakufa saa chache baadaye, na fundi anahitaji jicho la kumwambia kwamba kilichokufa ni umeme, mkongo uko salama.

Tatu, namna ya kuingia. Mitandao ya simu kwa kawaida haimpi mteja anwani inayofikika kutoka nje, kwa hiyo fundi hawezi kuipigia kompyuta ile iliyoko Njombe. Lazima yenyewe ipige kwenda nje na kushikilia laini. Anakodi seva ndogo ya mtandaoni, kwa kampuni isiyo na uhusiano na huduma zake nyingine, yenye anwani isiyobadilika. Kisha kompyuta ya Njombe inaendesha amri hii muda wote:

```
ssh -N -R 2222:localhost:22 \
  -o ServerAliveInterval=30 \
  -o ServerAliveCountMax=3 \
  -o ExitOnForwardFailure=yes \
  njia2@203.0.113.10
```

Namba 203.0.113.10 ni ya mfano. Weka ya seva yako. Nimeandika namba badala ya jina kwa makusudi, maana huduma ya majina nayo iko kwenye orodha ya vitu vinavyokufa. Kila sekunde 30 kompyuta inauliza kama upande wa pili upo. Ikikosa jibu mara tatu inakata. Kazi ya kuianzisha upya apewe systemd kwa `Restart=always` pamoja na `RestartSec=10`, la sivyo systemd itakata tamaa ssh ikishindwa mara kadhaa kwa haraka. Kwenye seva ya kukodi weka `ClientAliveInterval 30`, la sivyo muunganisho uliokufa utaendelea kukalia mlango 2222 na ule mpya utakataliwa. Hali hiyo huonekana kwenye kumbukumbu za Njombe kama `remote port forwarding failed`, inayojirudia kila baada ya muda mfupi.

Mtego ninaouogopa zaidi ni huu. Kompyuta ile ndogo imechomekwa pia kwenye mtandao wa ndani wa kituo, ili ifike kwenye seva. Mfumo wake ukiona njia mbili za kutoka, waya na 4G, kwa kawaida huchagua waya. Muunganisho unasimama, fundi anaingia, anafurahi, na kumbe anapita kwenye ruta na mkongo ule ule. Miezi inapita bila mtu kujua. Kuugundua ni swali moja tu:

```
ip route get 203.0.113.10
203.0.113.10 via 192.168.88.1 dev eth0 src 192.168.88.20
```

Hapo `eth0` ni waya, na 192.168.88.1 ni ruta ya kituo. Jibu hili maana yake njia ya pili haipo. Jibu linalotakiwa litaje modemu, kwa mfano `dev wwan0`. Dawa ni kuukataza waya usiwe njia ya kutokea kabisa, ukabaki wa mtandao wa ndani tu:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.never-default yes
nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Jina la muunganisho linaweza kuwa tofauti kwako, `nmcli connection show` itakuonyesha. Ukimaliza, uliza tena swali la mwanzo, na usiridhike kabla hujaiona modemu kwenye jibu.

Inabaki ruta yenyewe. Chukulia fundi amebadilisha kanuni za kuzuia na kuruhusu saa nne usiku, akajifungia nje. Mkongo mzima, umeme upo, seva hai, lakini ruta haimsikilizi mtu kwa njia yoyote ya mtandao, hata kutoka ndani. Kwa ajili ya usiku kama huo, kompyuta ndogo iunganishwe na tundu la konsoli la ruta kwa kebo ya USB. Konsoli haihitaji anwani wala kanuni za mtandao. Ni waya unaozungumza na ruta moja kwa moja. Fundi anaingia kwenye seva ya kukodi, kutoka hapo anafika Njombe, kisha:

```
ssh -p 2222 fundi@localhost
screen /dev/ttyUSB0 115200
```

Akibonyeza Enter, ruta inamwomba jina na neno la siri. Anafuta kanuni aliyoiongeza, na kituo kinafunguka. Akiona herufi za ovyo badala ya maneno, mwendo wa 115200 haulingani na wa ruta yake. Baadhi hutumia 9600. Ruta nyingi za bei nafuu hazina tundu hili, kwa hiyo liangalie kabla ya kununua. Jina na neno la siri la konsoli liwe limehifadhiwa ndani ya ruta. Likithibitishwa na seva ya mbali, konsoli itakwama pamoja na kila kitu kingine.

Mlango wa pili ni mlango pia kwa mwizi, na hizi ni kumbukumbu za wagonjwa. Kuingia kuwe kwa funguo za siri tu, maneno ya siri yazimwe kwa `PasswordAuthentication no`, na mlango 2222 usikilize ndani ya seva ya kukodi peke yake, jambo ambalo ssh hulifanya yenyewe usipoibadilisha. Nakala ya funguo ikae mahali pengine mbali na kompyuta moja ya fundi, kwa sababu kompyuta ile ikiibwa, njia zote mbili zinaondoka nayo.

Kisha kuna mambo madogo yanayoua njia hii kimyakimya. Bando linaisha. Laini isiyotumika muda mrefu inafungwa. Kodi ya seva inasahaulika. Muunganisho ukishikiliwa tu bila kazi hutumia makumi machache ya megabaiti kwa mwezi, kwa hiyo gharama yake si kubwa, ila lazima kuwe na mtu mmoja anayejua tarehe za kulipa.

Kipimo cha haki ni kuikata njia ya kwanza kweli. Mara moja kwa mwezi, mchana, kukiwa na mtu kituoni, fundi anampigia muuguzi mfawidhi na kumwomba achomoe waya wa mkongo. Yeye mwenyewe aingie kwa intaneti ya simu yake, asitumie ya ofisi, afike mpaka kwenye konsoli na kuona ruta ikimwomba jina. Kisha waya urudishwe, ruta ichomolewe umeme, ajaribu tena: safari hii konsoli itakuwa kimya, lakini kompyuta ndogo lazima ijibu. Kila jaribio liandikwe na tarehe.

Hata hivyo njia hii haifiki kila mahali. Diski ikifa, au ruta ikiungua kwa radi, hakuna amri ya kuifufua kutoka Dar es Salaam. Kwa siku hizo fundi anaacha kituoni ruta ya akiba iliyokwisha kupangwa, kila waya ukiwa na lebo, karatasi ya hatua iliyoandikwa kwa mkono mkubwa, na namba mbili za simu za mitandao tofauti. Ufunguo wa chumba cha mitambo unakaa kwa mtu anayelala jirani na kituo.